Nakuunga, Bila Mkono

Kijana yeyote akikwambia kwamba mapenzi yaliletwa na tamthilia, kwamba bibi zetu waliolewa tu kama mtu anavyopewa jembe, mlete kwangu Masuguru. Nitampikia chai, nitamkalisha, na akiondoka atakuwa mpole. Hilo swali mimi nimelifanyia kazi. Nililipwa kuliuliza, nikaliuliza vibaya, nikafundishwa kuliuliza upya. Sasa nimestaafu na magoti yamestaafu pamoja nami, lakini mdomo bado uko kazini.

Kazi yangu ilikuwa ukalimani wa watafiti. Mtu anatoka chuo kikuu na maswali yake, mimi natoka naye kwenda vijijini, Korogwe na Handeni, ninayageuza maswali yawe Kizigua, na majibu ninayarudisha Kiswahili. Jioni ninasikiliza kinasa sauti na kuandika kila neno, pamoja na vikohozi. Mama yangu alikuwa Mzigua, baba alikuja na kazi ya mkonge, kwa hiyo nyumbani tulikula kwa lugha moja na kugombana kwa nyingine. Watu waliniita Mama Tafsiri. Nimetafsiri habari za mbu, za mahindi, za vyoo, za mifugo. Habari za mapenzi zilinijia nikiwa mtu mzima na wajukuu, na ndizo zilizonitoa jasho.

Niwaambie kwanza kuhusu Dokta, maana bila yeye hamtaelewa. Alikuwa mwanaanthropolojia, mama wa makamo, mtu wa maneno machache na kicheko kikubwa. Anthropolojia msiogope, ni elimu ya kukaa na watu mpaka uone wanavyoishi, siyo wanavyosema tu kwamba wanaishi. Siku ya kwanza nilimuuliza, "Dokta, umetoka mbali kote huko kuuliza kama watu wanapendana? Si ungeuliza dereva?"

Akacheka, kisha akanieleza. Kwa muda mrefu wasomi wengi waliamini kwamba mapenzi ya mtu kumwota mtu mmoja na kukosa usingizi ni kitu cha Ulaya, kilichoanzia kwa washairi wa kwenye majumba ya wakubwa, kikakuzwa na watu wenye nafasi ya kukaa na kusoma riwaya. Wengine, yaani sisi, tulihesabiwa kwamba tuna ndugu wengi, kazi nyingi na mahari, kwa hiyo hisia zetu zimegawanywa kwa ukoo mzima na hakuna kinachobaki cha kumpa mtu mmoja. Nilikasirika. Nilimwambia hao wasomi wangemuona dada yangu alivyokonda kwa ajili ya fundi baiskeli wasingeandika hivyo.

"Ndivyo ilivyotokea," akasema. Baadaye watafiti wengine walichukua maandishi ya jamii nyingi sana, za kila bara, wakayapekua wakitafuta alama. Watu wanalia kwa kumkosa mtu mmoja? Kuna nyimbo za mapenzi? Kuna vijana wanaotoroka pamoja kwa sababu wanatakana, wakati wazee wamekataa? Wenyewe wanasimulia mambo hayo? Karibu jamii tisa katika kila kumi zilikuwa na alama. Na zile chache zilizobaki, mara nyingi siyo kwamba aliyeandika alitafuta akakosa. Hakuuliza kabisa.

"Kwa hiyo jibu limepatikana," nikasema. "Turudi nyumbani."

"Bado, mama. Kupatikana kwenye jamii siyo kumpata kila mtu. Na mapenzi kuwepo siyo kwamba ndiyo yanayofunga ndoa. Halafu maandishi mengi yaliandikwa na wageni waliopita njia. Mimi nataka kusikia wenyewe wanayaita nini."

Hapo kwenye kuyaita ndipo nilipoharibu.

Swali letu kwenye karatasi lilikuwa jepesi: je, ulimpenda mumeo kabla hamjaoana? Mimi nikaligeuza fasta fasta. Kwa Kizigua, kupenda ni kuunga. Sasa kuunga huko ndiko kutaka pia. Mtu anaunga maji, anaunga ugali, anaunga mtu. Bibi mmoja mmoja kule Handeni akawa ananitazama kama nimemtukana. "Nimuunge mimi? Wazee wake ndio waliokuja kuunga!" Msichana wa enzi zile hakuwa wa kutaka mume, alikuwa wa kutakwa. Nilikuwa nimewauliza akina bibi wa watu kama walifukuzia wanaume. Wote wakasema hapana, tena kwa hasira. Nikaandika hapana, hapana, hapana, nikajiona mchapa kazi hodari.

Dokta ndiye aliyeshtuka. Mchana mmoja tulikuwa tumekaa nyumba fulani, akina mama wanatwanga na kuimba, naye akaniomba nimwambie wanaimba nini. Nikamwambia: huyu anaimba kwamba tangu fulani aondoke chakula hakipiti, na huyu anamjibu kwamba yeye hata njia ya mtoni ameiacha, inamkumbusha mtu.

"Nani waliotunga?"

"Bibi zao. Hawa hawa tuliowahoji."

Akaweka kalamu chini. "Mama Tafsiri, wanawake ambao wote hawakupenda wametungaje nyimbo kama hizi?"

Hakunigombeza. Aliniuliza lile neno taratibu, upande huu na upande ule, mpaka mwenyewe nikaona nilipojikwaa. Tangu siku hiyo tukaacha kuuliza kwa neno. Tukawa tunasema: "Bibi, tusimulie kuhusu mtu aliyepata taabu kwa ajili ya mtu." Hapo sasa! Vinasa sauti vilijaa. Tukasikia waliotoroshana wakiwa na kanga moja na sufuria. Tukasikia mwanamke wa Kimaasai akisema kwa kucheka kwamba mume huchaguliwa na baba, lakini shanga anazokesha akizitunga anajua mwenyewe zitavaliwa na nani. Dokta alikuwa na swali lake la kutenganisha tamaa na mapenzi, nalipenda mpaka leo: "Na ungepewa mwingine, mzuri kuliko huyo, ungetulia?" Mwenye tamaa anasema ndiyo, lete. Mwenye mapenzi anakuona mjinga.

Kuna mzee mmoja alituchekesha. Dokta aliuliza kuhusu kubusiana, maana kwenye jamii nyingi duniani watu wazima hawabusiani midomo na wala hawapungukiwi kitu. Mzee akaniuliza, "Kubusu nani, mtoto?" Nikamwambia mkeo. Akamgeukia mkewe, wote wakatutazama kwa huruma. "Mimi huyu nilimchimbia kisima nyuma ya nyumba ili asiende mbali," akasema. "Mdomo wake ni wa kulia chakula." Kwa hiyo wajukuu zangu, msipime mapenzi kwa mnavyoviona kwenye simu. Alama zinahama, huyu anachimba kisima, yule anatuma ujumbe wenye mioyo myekundu.

Sasa niwaeleze kisa chenyewe. Majina nimebadilisha, na wenyewe wamenipa ruhusa kusimulia. Mmoja wao hata alisema nikichelewa atasimulia mwenyewe.

Nje kidogo ya mji wa Handeni tulimhoji bibi mjane, tumuite Bibi Zaina. Mkali, msafi, mwenye kuku wanaomuogopa. Dokta akamwamkia shikamoo, tukakaa, tukamuomba atusimulie kuhusu mtu aliyepata taabu kwa ajili ya mtu. Akasema kwa Kizigua, haraka haraka, kama mtu anayetaka kumaliza:

"Hayo mambo hayapo, mwanangu. Yapo kwenye nyimbo tu. Mimi niliwahi kumwambia kijana mmoja kwamba namuunga. Nilimwambia kwa mdomo wangu huu, msichana mzima, aibu nimeweka pembeni. Akachukua kifurushi chake akaondoka. Nikaolewa, mume wangu alikuwa mtu mwema, Mungu amrehemu. Lakini hilo neno sikulisema tena. Andika kwamba hayapo."

Nikaandika hayapo. Dokta alimuuliza kama alilia. Bibi Zaina akasema hakulia, alipata homa tu, homa iliyochukua masika yote.

Muda ukapita, tukahamia Korogwe. Huko Mnyuzi, karibu na reli, tukamhoji mzee mmoja mjane, nimuite Mzee Osmundi. Alitoka Songea kijana kabisa kuja kukata mkonge, na siku zile Kizigua hakukijua hata cha kuombea maji. Mzee wa taratibu, Mkristo wa kusali kila Jumapili, anatabasamu kwanza ndipo anasema. Naye tukamuomba atusimulie.

Alisema pale kambini palikuwa na mama akipika vitumbua, na mpwa wake, binti kutoka upande wa Handeni, alikuwa akivileta. Walipendana kwa macho na kwa vitumbua. Lakini wazee wa binti hawakutaka kusikia habari ya mkata mkonge asiye na kwao, tena asiye wa dini yao. Akasikia kuna shamba Kilosa linalochukua watu.

"Nikamwambia, Zaina, huku hatutaachiwa. Mimi nafikiri niende Kilosa nijipange. Unasemaje? Nilikuwa naomba Mungu aseme usiende. Akanitazama, akasema, 'Miye nakuunga.' Basi. Akaniunga mkono niende. Nikajua kwake mimi ni wa kwenda tu. Nikaenda."

Kalamu ilinidondoka. Dokta akafikiri nimeumwa na nge.

Mmeelewa? Kiswahili cha yule binti kilikuwa nusu Kizigua. Alisema nakuunga ya kwao: nakupenda, nakutaka. Huyu akasikia nakuunga ya Kiswahili, ya kuunga mkono. Mkono hakuutaja mtu, aliuongeza mwenyewe kichwani. Akakaa Kilosa, akaoa, akafiwa, akarudi uzeeni kulima Mnyuzi, na wakati wote huo aliamini kwamba aliruhusiwa aondoke. Na kule Handeni mtu mwingine aliamini kwamba alisema nakupenda akakimbiwa.

Kwenye gari nilikuwa kama nina makaa mdomoni. "Dokta, nikamwambie! Ni neno moja tu!"

"Usithubutu," akasema. Sijawahi kumsikia akitumia sauti ile. "Bibi alitueleza kwa sababu tulimwahidi maneno yake hayatatoka. Huyu pia. Ukiyabeba ya huyu kumpelekea yule, hata kwa wema, kesho hakuna bibi atakayekufungulia mlango. Tena hujui kama anataka kujua. Labda homa ile ameshaizika."

Nilimnunia mpaka Korogwe mjini. Ninyi mnaotaka kazi hii, hilo ndilo gumu kuliko lugha zote: kujua kitu kinachoweza kumponya mtu, na kukaa nacho. Usiku nilikuwa namuona Bibi Zaina akisema andika hayapo, na ninaumia kama ni mama yangu.

Lakini Dokta alikuwa na desturi ya mrejesho. Utafiti ukiisha anarudi kwa watu, anakaa nao, anawaambia tumeona hivi na vile, mnasemaje. Siku ya Mnyuzi, kabla hatujaanza, aliniambia, "Leo wewe eleza makosa yetu. Eleza la kuunga." Nikamtazama. Akasema, "Hadithi ni ya mwenyewe, hiyo huigusi. Neno ni la watu wote." Akaendelea kupanga viti, uso haumwambii mtu kitu.

Nikasimama. Nikaeleza nilivyowauliza bibi za watu kama walitaka wanaume, watu wakacheka mpaka mwenyekiti wa kijiji akafuta machozi. Nikasema, ndugu zangu, kwa Kizigua kuunga ndiyo kupenda. Msichana wa Kizigua akisema nakuunga, mkono haumo humo.

Mzee Osmundi alikuwa amekaa safu ya mbele. Tabasamu lake lilififia polepole, kama taa inayoishiwa mafuta. Akanyoosha mkono, akasimama.

"Mama, hebu rudia."

Nikarudia.

"Siyo kumuunga mtu mkono?"

"Hapana, Mzee. Ni kumpenda."

Akakaa. Watu wakaendelea na habari za mahari, yeye akawa anaangalia mikono yake. Mkutano ulipokwisha alinifuata. "Wewe umeongea na watu wa Handeni. Yupo hai?"

Mungu anisamehe, nilitaka kusema. Nikamjibu, "Mzee, mimi niliowahoji siwataji. Hata wewe sikukutaja."

Akaitikia kwa kichwa. "Sawasawa. Nitamtafuta mwenyewe."

Na alimtafuta. Wajukuu wa yule mama wa vitumbua wanakaa hapa hapa Masuguru. Akawafuata, wakapeleka salamu Handeni kwamba Osmundi wa mkonge anaomba kuja kusalimia. Jibu likarudi fupi: barabara ya Handeni siku hizi ina lami. Basi mzee akanijia kibarazani na kofia mkononi. Nikamwambia nimeshastaafu. Akasema, "Mara ya kwanza nilikwenda bila mkalimani. Umeona hasara yake."

Tukaenda. Bibi Zaina alikuwa amevaa kanga mpya na kukunja uso. Wanawe walikuwepo, wamekaa kwa heshima, hawajui wanachokitazama. Salamu zikachukua muda wake: habari za safari, za mashamba, pole kwa kufiwa, nawe pole.

Mzee Osmundi akasema, "Zaina, siku ile ulisema nini?"

"Ulikuwepo. Ulisikia."

"Nilisikia Kiswahili."

Bibi Zaina akanigeukia, akaniuliza kwa Kizigua, "Anasema nini huyu?"

Hiyo ndiyo tafsiri yangu ya mwisho, na niliifanya taratibu kuliko zote. Nikamwambia: anasema alielewa kwamba unamuunga mkono aondoke. Alikuwa anaomba umkataze. Alidhani umemruhusu.

Hakuelewa mara moja. Nilimuona akilirudisha neno mdomoni bila sauti, mara ya kwanza kwa Kizigua, mara ya pili kwa Kiswahili. Kisha akacheka. Alicheka mpaka akajifunika kanga usoni, na chini ya kanga kile kicheko kikageuka, mabega yakawa yanatikisika namna nyingine. Mwanawe mkubwa alitaka kuinuka, nikamshika mkono.

"Nimezeeka nikijua kwamba nilimwambia mtu nampenda akanikimbia," alisema alipofunua uso, sasa kwa Kiswahili, ili mwenye kusikia asikie. "Osmundi, na ungeelewa, ungebaki?"

Mzee akafikiri. Hakutaka kumdanganya. "Kubaki nisingebaki. Wazee wako wangenivunja miguu. Ningeondoka na wewe."

Mimi kichwani nikasema: kutoroshana, alama hiyo. Mambo ya kazi hayakuachi hata ukistaafu.

Msiniulize kama wameoana, ninyi na haraka zenu. Kila mmoja ana nyumba yake, dini yake na wajukuu wake. Lakini Mzee Osmundi siku hizi ana sababu nyingi za kwenda Handeni, mara mbegu, mara kuku, na anajifunza Kizigua kwa umri huo, anakosea, anachekwa, anarudi tena. Bibi Zaina naye ameacha kuwapigia kelele kuku.

Siku ile, tulipokuwa tunaaga, bibi alinivuta pembeni.

"Yule Dokta wako bado ana lile jibu langu?"

"Analo, Bibi."

"Nilisema hayapo. Mpigie. Mwambie yapo."

Nikampigia pale pale uani. Dokta alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa sauti nzito kidogo: "Mwambie shikamoo. Mwambie lile la kwanza silifuti, maana nalo lilikuwa kweli yake. Nitaandika yote mawili."

Nikamfikishia, neno kwa neno, kama nilivyofundishwa. Bibi Zaina akamwangalia Mzee Osmundi, aliyekuwa mlangoni akihangaika kuvaa viatu.

"Sawa," akasema. "Lakini la pili aliandike kwa Kizigua."